Milimita Nne za Kusomeka

Tazama tangazo zuri la saa ya mkono, lile ambalo saa imelala peke yake na karibu ijaze ukurasa. Mishale imesimama kwenye saa nne na dakika kumi, kama ilivyo desturi ya matangazo ya saa, ili jina la mtengenezaji lililo chini ya alama ya juu libaki wazi katikati ya mishale miwili. Jina hilo linasomeka herufi kwa herufi. Mkanda unafifia taratibu kuelekea nyuma, na meza iliyo mbali zaidi imeyeyuka ikawa rangi tupu. Jicho limefika kwenye jina bila kuonyeshwa njia.

Picha ya namna hiyo inaweza kuwa haikupigwa kabisa. Inaweza kuwa imejengwa ndani ya Blender, na lenzi yake ni namba chache zilizoandikwa kwenye kisanduku. Mimi navutiwa na mtu aliyeziandika namba hizo. Taa na vyuma vinavyong'aa husifiwa mara moja, kwa kuwa vinaonekana. Uamuzi kuhusu urefu wa fokasi ya lenzi, na kuhusu kina cha eneo litakalobaki kali, haumvutii mtazamaji hata kidogo ukifanywa vizuri. Ukifanywa vibaya, saa ya bei kubwa inageuka kuwa kitu cha kuchezea.

Nichukue saa moja na kuifuata mpaka mwisho. Ina kipenyo cha milimita 40 na kioo bapa cha yakuti. Picha ni ya mlalo, pikseli 2400 kwa 1600. Nataka upana wa kile kinachoonekana, pale saa ilipo, uwe milimita 72, ili saa ichukue zaidi kidogo ya nusu ya fremu na pembeni pabaki uwazi. Sensa ya kamera ya Blender, usipoigusa, ina upana wa milimita 36. Maana yake saa itaangukia kwenye sensa ikiwa nusu ya ukubwa wake halisi, kiwango ambacho wapiga picha wa vitu vidogo wanakifahamu sana.

Kamera mpya ya Blender huja na lenzi ya milimita 50. Anayeanza huikubali hiyo, huisogeza kamera mpaka saa ijae kwenye fremu, kisha hushangaa mbona saa imevimba upande wa mbele. Fundi huanza na swali lingine: mtazamaji yuko umbali gani na kitu hiki? Kwa sababu umbo la kitu kwenye picha, yaani jinsi sehemu ya karibu inavyoizidi ya mbali, linatokana na umbali peke yake. Lenzi haibadilishi umbo. Kazi ya lenzi ni kukata fremu kutoka kwenye mandhari ambayo umbali umekwisha kuiamua. Watu husema lenzi fupi inapotosha, lakini kinachopotosha ni kusogea karibu mno, na lenzi fupi ndiyo inayotulazimisha kusogea.

Hesabu yake ni nyepesi. Umbali wa kamera ni upana wa fremu mara urefu wa fokasi, gawanya kwa upana wa sensa. Kwa fremu yetu ya milimita 72, umbali unakuwa mara mbili ya urefu wa fokasi: lenzi ya milimita 35 inakaa milimita 70 kutoka kwenye saa, ya 50 inakaa milimita 100, ya 100 inakaa 200, na ya 200 inakaa 400.

Sasa tuseme kamera inaitazama saa kwa kushuka nyuzi 45. Uso wa saa, ukiupima kwenda mbali na kamera, unakuwa na kina cha milimita 28 hivi, yaani 14 mbele ya kitovu na 14 nyuma yake. Kwa lenzi ya 35, ukingo wa karibu uko milimita 56 kutoka kamera na wa mbali uko 84. Ukingo wa karibu unaonekana mkubwa mara moja na nusu kuliko wa mbali. Kwa lenzi ya 50 tofauti inashuka hadi theluthi moja hivi. Kwa lenzi ya 100 ni asilimia 15, na kwa lenzi ya 200 ni asilimia 7.

Namba hizo zinapata maana ukikumbuka jinsi tunavyotazama saa kwa kawaida. Mtu huinua mkono na kuisoma kutoka umbali wa sentimita 35 hivi. Kwa umbali huo ukingo wa karibu unauzidi wa mbali kwa asilimia 8 tu. Hilo ndilo umbo la saa ambalo ubongo umelizoea. Lenzi ya 35 inatuonyesha saa kama ambavyo mdudu aliyetua kwenye meza angeiona, na hakuna anayenunua saa akiwa na macho ya mdudu. Lenzi ya 200, kwa upande wake, iko karibu na umbo hilo la mazoea, lakini kwenye ukurasa inaisawazisha saa kiasi kwamba kasha linaonekana jembamba, kana kwamba limebanwa na ukurasa. Hukumu yangu ni milimita 100. Inabakiza uzito kidogo upande wa mbele, ule uzito wa chuma, bila kuivimbisha. Wengine huchagua 135 na sina ugomvi nao. Chini ya 85 kwa saa iliyoinama hivi, ningehitaji kuelezwa sababu.

Kuna mtego mdogo hapa unaowasumbua wengi, na sababu yake haionekani kwa urahisi. Kamera ya Blender ina mpaka wa karibu unaoitwa `Clip Start`, na usipoubadilisha huwa mita 0.1. Chochote kilicho karibu zaidi ya hapo hakichorwi. Ukijaribu lenzi ya 50 kwenye saa yetu, kamera iko milimita 100 kutoka kitovu cha saa, hivyo nusu yote ya mbele inakatwa kama kwa kisu. Kwa lenzi ya 35 saa nzima inatoweka. Mtu hudhani ameharibu modeli, kumbe ni mpaka tu. Shusha `Clip Start` hadi mita 0.001 kabla ya kuanza majaribio.

Majaribio yenyewe yanahitaji mpangilio unaokuwezesha kubadilisha lenzi bila kupoteza fremu. Mpangilio ninaoupenda ni wa kizamani na hauna mbwembwe. Weka `Empty` mahali unapotaka jicho lifike. Chagua kamera, kisha `Empty`, bonyeza Ctrl+P na uchague `Object (Without Inverse)`. Futa mzunguko wote wa kamera kwa Alt+R, na uiache na namba moja tu ya mahali: umbali wake kwenye mhimili wa Z. Sasa kamera imefungwa kwenye mstari unaopita kwenye `Empty`. Ukiizungusha `Empty`, kamera inazunguka saa. Ukibadilisha lenzi, unabadilisha Z peke yake, na umbali huo unaupata hivi:

```python
import bpy
kamera = bpy.context.scene.camera
upana = 0.072
kamera.data.lens = 100
z = upana * kamera.data.lens / kamera.data.sensor_width
kamera.location = (0, 0, z)
```

Badilisha 100 iwe 50, kisha 200, urende kila moja, uziweke picha kando kwa kando. Saa itakuwa na upana uleule katika zote tatu, na kinachobadilika ni umbo lake tu. Ndipo unapoona wazi kile ambacho lenzi, kwa kushirikiana na umbali, inakifanya. Kuziweka lenzi mbili kando kwa kando bila kusawazisha ukubwa wa kitu ni kujidanganya, kwa sababu jicho litapenda ile iliyokuza zaidi.

Umbali ukishatulia, kinafuata kina cha fokasi, na hapa ndipo penye utamu.

Kwenye kichupo cha kamera, washa `Depth of Field`. Chini yake kuna `Focus on Object`, `Focus Distance` na `F-Stop`. Ukitaja kitu kwenye `Focus on Object`, umbali unapimwa hadi kwenye kitovu cha kitu hicho, ile nukta yake ndogo ya rangi ya machungwa, na namba ya `Focus Distance` haitumiki tena. Kwa hiyo ukiichagua modeli ya saa yenyewe, fokasi inaweza kuangukia ndani ya tumbo la kasha, mahali ambapo hakuna cha kuonekana. Chagua `Empty` yetu.

Namba ya `F-Stop` huanza na 2.8. Ukirenda hivyo, utaona mstari mmoja mwembamba wa uso wa saa ukiwa mkali na vilivyobaki vyote vikiwa ukungu. Wengi hufurahi, maana inafanana na picha ya lenzi ya gharama. Lakini jaribu kuisoma saa hiyo. Tuipime: kwa fremu yetu, kila milimita unayoiacha nyuma au mbele ya fokasi inaleta ukungu wa pikseli 16.7 hivi, gawanya kwa namba ya `F-Stop`. Ukungu wa pikseli 2 macho yanausamehe. Kwa 2.8, pikseli 2 zinakwisha ukisogea theluthi moja ya milimita. Eneo lote lililo kali, mbele na nyuma, halifiki hata milimita moja. Kwenye ukingo wa uso wa saa, milimita 14 kutoka kwenye fokasi, ukungu unazidi pikseli 80. Alama za saa zimekuwa moshi.

Kina cha fokasi kwa karibu hivi ni shuka fupi: ukijifunika kichwa, miguu inabaki nje. Kwa hiyo fundi haanzi kwa kuuliza ukungu ukae kiasi gani. Anauliza ni nini lazima kisomeke, na hicho kina urefu gani kikipimwa kuelekea mbali na kamera. Kwa saa yetu jibu ni mambo mawili: makutano ya mishale katikati, na jina la mtengenezaji, lililo milimita 8 juu ya kitovu. Kwa pembe ya nyuzi 45, milimita 8 hizo juu ya uso wa saa zinakuwa milimita 5.7 za kina. Ukilenga fokasi kwenye kitovu kwa f/11, jina linapata ukungu wa pikseli 8.6. Herufi ndogo haziwezi kustahimili hilo. Ukiisogeza `Empty` hadi katikati ya kitovu na jina, kila kimoja kinapata pikseli 4.3. Ni afadhali, lakini bado. Inakubidi uende f/22 ili vyote viwili vikaribie pikseli 2.

Unaweza kwenda f/22. Blender haikuzuii, na hata f/64 itakubali. Kwenye lenzi halisi, tundu likibanwa hivyo mwanga wenyewe huanza kutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima kupoteza ukali, ndiyo maana wapiga picha wa saa hupiga picha nyingi, kila moja na fokasi yake, kisha huziunganisha kuwa moja kwa programu. Blender haifuati tabia hiyo ya mwanga. Inakupa f/64 iliyo kali kabisa, na hapo ndipo kishawishi kilipo, kwa kuwa picha iliyo kali kila mahali inaupoteza udogo wa saa. Macho yanajua kwamba kitu kidogo kikiwa karibu, mazingira yake huwa na ukungu. Ukiondoa ukungu wote, saa inaweza kuonekana kubwa kama sinia.

Fundi mzuri, akifika hapa, huiacha `F-Stop` na kubadilisha pembe ya kuitazama saa. Hilo ndilo tendo ninalolistaajabia kuliko yote katika kazi hii. Anaiinua pembe ya kamera kutoka nyuzi 45 hadi 65, kwa kuizungusha ile `Empty` tu, ikiwa katikati ya kitovu na jina. Milimita 8 zilizokuwa 5.7 za kina sasa ni 3.4. Kitovu na jina kila kimoja kiko milimita 1.7 kutoka kwenye fokasi, na kwa f/16 ukungu wa kila kimoja haufiki pikseli 2. Eneo kali lina kina cha milimita 4 hivi, na milimita 4 hizo zimelala pale hasa zinapohitajika. Kingo za saa, milimita 8 hivi mbele na nyuma ya kitovu chake, zinapata ukungu wa pikseli 7 hadi 11, kiasi cha kulainisha bila kufuta. Mkanda ulioteremka nyuma milimita 40 una pikseli 35. Hii ndiyo ngazi ya kufifia niliyoisifu mwanzoni, na imepatikana kwa kuinua kamera nyuzi 20.

Kwenye kamera za studio zenye mifuko ya kukunjwa, lenzi yenyewe huweza kuinamishwa ili bapa la fokasi lilale juu ya uso wa saa. Kamera ya Blender haina uwezo huo. Ina `Shift`, inayosogeza fremu bila kugeuza kamera, lakini bapa la fokasi hubaki limesimama wima mbele ya lenzi siku zote. Kwa hiyo mkao wa kitu ndio kifaa chetu cha kulilaza.

Lenzi ndefu je, haiongezi ukungu? Kila anayepiga picha ameambiwa hivyo. Kwa kitu chenyewe, fremu ikiwa ileile na `F-Stop` ileile, jibu ni karibu hapana. Lenzi ya 50 na ya 200 zitatoa karibu ukungu uleule kwenye kingo za saa, kwa sababu ya pili ina tundu pana mara nne lakini imesimama mbali mara nne. Tofauti inatokea nyuma. Chukua doa la mwanga lililo milimita 150 nyuma ya saa, kwa f/16. Lenzi ya 50 inalitawanya kufikia upana wa pikseli 62 hivi, ya 100 pikseli 89, ya 200 pikseli 114. Tena lenzi ndefu inaona kipande kidogo zaidi cha meza: milimita 99 kwa lenzi ya 200, dhidi ya 180 kwa lenzi ya 50. Ukitaka nyuma patulie, hiyo ni sababu ya haki ya kurefusha lenzi. Ukitaka uso wa saa ufifie zaidi, hutapata kitu.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya sharti moja, na likivunjwa hakuna kinachofanya kazi: saa iwe na ukubwa wake wa kweli. Blender inachukulia kizio kimoja kuwa mita moja inapotafsiri tundu la lenzi, na `Unit Scale` kwenye mipangilio ya mandhari haibadilishi jambo hilo. Mtu anayeweka `Unit Scale` kuwa 0.001 ili afanye kazi kwa milimita, anaona saa yake imeandikwa milimita 40, lakini ndani ya hesabu ya kamera ina vizio 40, sawa na jengo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: unashusha `F-Stop` hadi 1 na hakuna kinachofifia. Tiba ni kuacha `Unit Scale` kuwa 1, kuchagua milimita kwenye `Length`, na kuijenga saa ikiwa mita 0.04. Ikiwa modeli imekuja ikiwa kubwa mara 10 na huwezi kuigusa, gawanya namba kwa 10: f/16 yetu inakuwa f/1.6.

Hata ukubwa ukiwa sahihi, Blender ina tofauti moja na lenzi halisi. Inachukulia sensa kuwa nyuma ya lenzi kwa umbali uleule wa urefu wa fokasi, fokasi iwe mbali au karibu. Lenzi halisi, ikilenga karibu, hujisogeza mbele. Kwa kiwango chetu cha nusu ya ukubwa, matokeo ni kwamba f/16 ya Blender inatoa kina kinacholingana na f/11 hivi ya lenzi halisi. Aliyetoka studio na namba zake kichwani azizidishe kwa moja na nusu.

Halafu kuna kioo. Kioo cha yakuti chenye unene wa milimita 2, kwa kipeo cha mpindo cha 1.77, huufanya uso wa saa ulio chini yake uonekane umepanda karibu milimita 0.9, ukitazamwa wima. Cycles inafuata mwanga kupitia kioo na kwa hiyo inalitii jambo hili. Ukiwa umeiweka `Empty` kwenye uso wenyewe wa saa, fokasi yako imekosea kwa kiasi hicho. Kwa f/16 ni pikseli moja, huioni. Kwa 2.8 ni zaidi ya pikseli 5, na mtu anaweza kusaga meno mchana kutwa akijiuliza kwa nini fokasi iliyopimwa kwa usahihi haishiki. Iinue `Empty` milimita 0.9 kuelekea kamera. Na ukipenda kupima fokasi kwa kuweka kiashiria juu ya `Focus Distance` na kubonyeza E, kisha kubofya saa, kumbuka kwamba utakachokibofya ni kioo, hivyo umbali utakaopata ni wa kioo.

Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu kuongeza ukungu baadaye kwenye utunzi wa picha kwa kutumia ramani ya kina. Ramani hiyo inajua kioo kiko wapi, haijui kilicho chini yake. Inajua ubavu wa kasha uko wapi, haijui kwamba taa inayoakisiwa humo ina umbali wake mwenyewe. Kwenye kasha lililong'arishwa, ukingo wa chuma unaweza kuwa mkali huku ukingo wa taa ndani yake umelainika, na jicho linatarajia hivyo hata kama mwenye jicho hajawahi kulifikiria. Cycles inalitoa hilo bila kuombwa. Gharama yake ni chembechembe, maana sehemu zenye ukungu ndizo zinazochelewa kutulia, na kuziongezea sampuli ni muda ulioutumia vizuri.

Kuhusu umbo la madoa ya mwanga, sina mengi. `Blades` ikiwa 0 yanakuwa mviringo, ikiwa 6 yanakuwa na pembe sita. Kwenye saa, ambayo tayari imejaa miviringo, pembe hizo hugombana na kasha. Naiacha 0.

Jambo la mwisho ni la ukaguzi, na hapa subira inapimwa kweli. Dirisha dogo la hakiki linadanganya. Picha ya pikseli 2400 ikionyeshwa kwa robo ya ukubwa wake, ukungu wa pikseli 4 unakuwa wa pikseli moja, na kila kitu kinaonekana kikali. Ingia kwenye mwonekano wa kamera, bonyeza Ctrl+B, zungushia kisanduku jina la mtengenezaji peke yake, urende kipande hicho kwa ukubwa kamili na ukitazame pikseli kwa pikseli. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye makutano ya mishale. Ikiwa kimoja ni kikali na kingine kimelegea, `Empty` haiko katikati. Ikiwa vyote vimelegea sawa, ama panua kina kwa kuongeza `F-Stop` kidogo, ama inua kamera nyuzi chache zaidi. Mimi ningeinua kamera kwanza.

Kwa saa hii, basi, picha ninayoikubali ni ya lenzi ya milimita 100 iliyokaa milimita 200 kutoka kwenye `Empty`, kamera ikiwa nyuzi 65, `F-Stop` 16, fokasi katikati ya jina na kitovu, ikiinuliwa milimita 0.9 kwa ajili ya kioo. Ikiwa saa yako ni ya milimita 36 au uso wake una maandishi chini pia, pima upya kina cha kinachopaswa kusomeka kabla hujagusa namba yoyote kati ya hizo.